Kava leta ya kazi ya kastoma kea ya mtandaoni: barua yenyewe ndo mtihani wa kwanza

Mimi nafanya kastoma kea kwa kampuni ya nje mwaka wa sita huu, nakaa Mwanakwerekwe, na miaka miwili ya mwisho nimekuwa nasaidia kuchuja maombi ya watu wapya kwenye timu yetu. Kwa hiyo barua za kuomba kazi nazisoma sana, na za watu wetu wa Unguja na Pemba nazijua hata kabla sijaona jina, mana zinaanza namna moja: husika na kichwa cha habari hapo juu, mimi ni kijana wa miaka kadhaa, kwa heshima na taadhima naomba kazi, nitashukuru ombi langu likikubaliwa. Mtu ameichukua barua tuliyofundishwa skuli ya kupeleka ofisi ya serikali akaigeuza Kiingereza neno kwa neno. Kule ofisini ndo adabu yenyewe na wala haina kosa. Lakini anayeisoma Ulaya anatafuta kitu kingine kabisa.

Anatafuta jibu la mteja. Kazi yenyewe ni kuandika, siku nzima mteja analeta tatizo na wewe unamjibu kwa aya mbili tatu, umwonyeshe umemuelewa, umpe jambo la uhakika, umwambie hatua inayofuata. Sasa huyu msimamizi hajawahi kukuona, barua yako ndo maandishi yako ya kwanza anayoyapata, basi anaisoma kama vile ni jibu ulilomwandikia mteja. Ukizunguka aya nzima kabla hujafika kwenye jambo, anajua na mteja utamzungusha hivo hivo.

Nitawaelezea kwa barua moja ya kweli, mwenyewe ameniruhusu ila jina lake nimeliacha. Ni mdogo wangu wa mtaani, kwao Wete, amefanya mapokezi hoteli ya vyumba 42 kule Kiwengwa misimu mitatu. Tangazo aliloliona lilikuwa la kampuni ya Ulaya inayouza nafasi za hoteli mtandaoni, linataka Kiingereza, Kitaliano ni nyongeza, saa za kazi 9:00 hadi 17:00 za Ulaya ya kati. Akanitumia barua yake ya kwanza, na ndani yake kaandika anajua Kiingereza na Kitaliano vizuri sana, ni mchapakazi, mwaminifu, anaweza kufanya kazi chini ya presha, na kwamba yupo tayari kuanzia saa mbili hadi saa kumi na moja.

Hapo kwenye saa nilisimama. Saa mbili ipi? Alikuwa amefikiria saa mbili asubuhi yetu akaandika 2 kwa Kiingereza, na mzungu atasoma saa nane za usiku au saa nane za mchana, hajui. Kosa hili nimeliona mara nyingi kuliko kosa la grama, na ni baya zaidi mana mtu anayechanganya saa kwenye barua ya kazi ndo huyo huyo atakayemwambia mteja basi lake linaondoka saa mbili. Saa ziandikwe kwa tarakimu za saa 24, basi.

Halafu kuna hesabu ya pili ambayo wengi hawaifanyi kabisa. Sisi tupo UTC+3 mwaka mzima, yaani saa tatu mbele ya saa za kimataifa, saa zetu hazisogei. Wenzetu wa Ulaya ya kati wanasogeza saa zao mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tatu na Jumapili ya mwisho ya mwezi wa kumi. Kwa hiyo hiyo 9:00 yao kipindi cha baridi ni 11:00 kwetu, yaani saa tano asubuhi, na kiangazi ni 10:00, saa nne. Zamu inaisha 19:00 au 18:00. Ukiliandika hili kwa sentensi moja umeshamwambia kwamba umefikiria kazi yake na siku saa zikibadilika hutochelewa. Kwetu tuliwahi kumpata mtu mzuri sana, Jumatatu ya kwanza baada ya saa kubadilika akaingia zamu saa nzima baadae, foleni ya wateja imeshajaa.

Tuje kwenye lugha, na hapa naomba msikimbie. Wageni wanapima lugha kwa daraja za Ulaya, A1, A2, B1, B2, C1, C2, A1 ndo ya chini kabisa na C2 ya juu kabisa. Matangazo mengi ya kastoma kea yanataka B2 au C1. B2 maana yake unaweza kuendesha mazungumzo na kuandika jambo lenye maelezo bila kumchosha mwenzio, B1 unajimudu kwenye mambo unayoyajua, A2 ni mambo ya lazima tu. Neno "vizuri sana" kwake halina kipimo. Na kosa la watu wa hotelini ni kusahau kwamba lugha wameipata mdomoni. Huyu mdogo wangu Kitaliano chake ukimsikia utafurahi, anawapokea wageni, anawatuliza, anacheka nao, lakini hajawahi kukisomea na kukiandika ni tabu, herufi anaandika kama anavyosikia. Nikamwambia agawe: kuongea B1, kuandika A2. Akaogopa, ati si nitajiharibia? Haharibu kitu. Kampuni nyingi baada ya barua zinakupa mtihani wa kuandika, malalamiko mawili matatu ya wateja uyajibu kwa muda maalumu, na aliyeandika C1 halafu akaleta majibu ya B1 anaonekana hapo hapo, na tatizo sasa si lugha tena, ni kwamba amesema uongo.

Kiingereza chake cha kuandika ndo kizuri kweli, mana imeli zote za hoteli alikuwa anazijibu yeye, kama 15 kwa siku msimu ukipamba moto. Hilo hakuliandika kabisa! Na Kiswahili hakukiweka, kwa fikra kwamba kila mtu anacho. Kampuni ya nje haina kila mtu, ikiwa na wateja wa Dar au Mombasa wewe ndo lugha yao, kiweke na sema ni lugha yako ya kuzaliwa.

Sasa uaminifu wa kazi, hili ndo linaloniuma zaidi, mana watu wetu wanaikosa kazi wakiwa nao. Neno "mwaminifu" halithibitishi chochote, na huyo wa Ulaya ana hofu mbili kuhusu mtu wa kisiwani ambazo hatokuuliza: umeme ukikatika itakuwaje, na je utakaa au utatoweka baada ya miezi miwili. Zijibu bila kuulizwa.

Ya umeme nimeijua kwa gharama yangu. Mara ya kwanza naomba kazi niliandika nina intaneti ya uhakika, siku ya intavyuu umeme ukaondoka, nikahamia kwenye simu, bando likaisha katikati ya swali. Sikuitwa tena. Kwa hiyo msiandike msichokipima. Betri ya kawaida ya asidi ya volti 12, Ah 100, kwa karatasi ina wati-saa 1,200, lakini hiyo usiitumie zaidi ya nusu au utaiua, inabaki 600, na inveta nayo inakula chake, tuseme 500 hivi. Laptopu na ruta pamoja zikila wati 55 unapata kama saa tisa. Hiyo ni betri mpya. Huyu mdogo wangu betri yake si mpya, basi Jumamosi moja akazima swichi kubwa akafanya kazi mpaka ikakata, ikampa saa 6 na dakika 40. Kwenye barua tukaandika saa sita. Na spidi ya intaneti aipime saa ile ile ya zamu, si alfajiri mtaa mzima umelala.

Ya pili ni zile nafasi tupu kwenye sivii. Hoteli nyingi za pwani zinafunga kipindi cha masika, mfanyakazi anaenda nyumbani mwezi wa nne na wa tano kisha anaitwa tena. Sisi tunalijua, yule anaona mtu kaacha kazi mara tatu. Sentensi moja inageuza kila kitu: hoteli ilifungwa kwa mvua, na kila msimu waliniita tena.

Barua ya mwisho ilikuwa hivi, aliipeleka kwa Kiingereza, hapa naiweka kwa Kiswahili:

"Habari. Nimefanya kazi mapokezi misimu mitatu kwenye hoteli ya vyumba 42 Kiwengwa, Zanzibar, wageni wetu wengi wakiwa Wataliano. Mambo yaliyotajwa kwenye tangazo lenu, buking zilizopotea, kurejesha pesa na kubadilisha tarehe, ndiyo niliyokuwa nayashughulikia kila siku.

Kiingereza naandika na kuongea kwa B2, nilikuwa najibu imeli kama 15 kwa siku wakati wa msimu. Kitaliano naongea B1 na naandika A2. Kiswahili ni lugha yangu ya kuzaliwa.

Zamu yenu ni 11:00 hadi 19:00 kwetu wakati wa baridi na 10:00 hadi 18:00 kiangazi, na zote naziweza. Nina intaneti ya waya, laini ya simu ya akiba, na betri niliyoipima inayobeba kompyuta na ruta saa sita umeme ukikatika. Nafasi za Aprili na Mei kwenye sivii ni hoteli kufungwa kwa mvua. Kila msimu niliitwa tena. Meneja wangu amekubali mumuulize kuhusu mahudhurio yangu.

Naweza kufanya mtihani wa kuandika siku yoyote wiki hii."

Imekaa nusu ukurasa. Mahali pa jina la msimamizi, kama tangazo limelitaja liandike, kama halikulitaja "habari" inatosha, usianze kumwita bwana mtu usiyemjua ni mume au mke. Na meneja muombe ruhusa kabla hujamtaja, mwambie na kampuni gani itampigia, mana wengine namba ya nje ikiingia hawapokei.

Tulivyomaliza nikamwambia aisome kwa sauti mbele yangu, kila sentensi ajiulize mteja aliyekasirika angeisubiri au angeiruka. Akafuta mbili. Akaihifadhi PDF kwa jina lake na jina la kazi, si "barua mpya 3", akaituma Jumanne 10:30 yetu, kule ofisi ndo zinafunguliwa. Alhamisi wakamletea mtihani, malalamiko matatu kwa dakika 45, mawili Kiingereza na moja Kitaliano, na hilo la Kitaliano walimruhusu ajibu kwa Kiingereza, kwa sababu barua yake ilishawaambia kuandika ni A2.