Eneokazi pepe: kila mradi na chumba chake ndani ya laptopu moja

"Mwanangu, hawa watu wanaodaiwa saruji ni akina nani?"

Aliyenipigia simu ni mama mwenye nyumba ya wageni kule Dunga, Kisumu, ninayemtengenezea tovuti. Kabla hajamaliza swali nilishajua nimefanya nini. Nilikuwa nimemtumia orodha ya madeni ya duka la vifaa vya ujenzi la Kibuye, ambalo vitabu vyake vya hesabu navishika mimi, mahali pa picha za vyumba vyake. "Samahani sana, mama," nikamwambia, "hiyo ni ya mteja mwingine. Naomba uifute." Akaifuta, na hakuniuliza zaidi. Lakini jina la kila fundi anayedaiwa na duka lile lilikuwa limeshaonekana na mtu asiyehusika.

Siku hiyo nilikuwa na madirisha kumi na moja yaliyolaliana kwenye skrini moja: hesabu za duka, barua pepe, picha, na tafsiri ya mahojiano kutoka Kijaluo. Nilipobonyeza kitufe cha kuambatisha, kompyuta ilinifungulia folda niliyoitumia mwisho, na hiyo ilikuwa folda ya duka. Majina ya faili za picha na ya orodha yalianza kwa tarehe ileile. Nikabonyeza.

Eneokazi ni ile sehemu ya skrini ambapo madirisha ya programu hufunguka. Eneokazi pepe ni eneokazi la ziada lisilohitaji skrini ya pili. Kompyuta hukuwekea kadhaa, moja baada ya jingine, nawe unaona moja tu kwa wakati mmoja. Ukihama kutoka la kwanza kwenda la pili, madirisha ya la kwanza hayafungwi. Yanabaki kama ulivyoyaacha, ila yametoka machoni. Mimi nayaita vyumba, na sikuanza mimi: mwaka 1986 Austin Henderson na Stuart Card, watafiti wa maabara ya Xerox PARC huko California, walieleza mfumo wa aina hii walioupa jina Rooms. Waligundua kwamba mtu akifanya kazi hahitaji madirisha yake yote kwa pamoja. Anazunguka ndani ya kikundi kidogo, kisha akibadili kazi anahamia kikundi kingine. Kwa hiyo kila kikundi kikapewa chumba.

Hapo ndipo wengi hukosea, na nilikosea pia mwanzoni. Nilitenga vyumba kwa aina ya programu: brauza zote chumba cha kwanza, hesabu zote cha pili, picha zote cha tatu. Skrini ilipendeza, lakini wateja walibaki wamechanganyika vilevile, kwa sababu chumba cha hesabu kilikuwa na hesabu za kila mtu. Chumba kinapaswa kufuata mradi. Ndani ya chumba cha duka kuwe na hesabu za duka, folda ya duka na barua pepe za duka, hata kama brauza hiyohiyo imefunguliwa pia katika vyumba vingine vitatu.

Laptopu yangu ni ya mtumba na inatumia Ubuntu, basi nitaeleza kwa hiyo. Kwa kawaida Ubuntu huongeza na kuondoa vyumba yenyewe. Inaonekana kama msaada, lakini ukifunga dirisha la mwisho katika chumba cha pili kisha ukahama, chumba hicho hutoweka, na cha tatu kinasogea kuchukua nafasi yake. Mkono wako umeshazoea kwamba duka ni hatua moja kutoka mwanzo, ghafla unajikuta kwenye tafsiri ya mahojiano. Idadi ya vyumba inafaa iwe isiyobadilika. Unaweza kuchagua hivyo ndani ya `Settings`, sehemu ya `Multitasking`, au ufungue programu ya `Terminal` uandike amri hizi mara moja tu:

```
gsettings set org.gnome.mutter dynamic-workspaces false
gsettings set org.gnome.desktop.wm.preferences num-workspaces 4
gsettings set org.gnome.desktop.interface enable-hot-corners true
gsettings set org.gnome.shell.app-switcher current-workspace-only true
```

Mstari wa kwanza unazuia vyumba kutoweka, wa pili unaviweka vinne. Wa nne ni muhimu kuliko unavyoonekana. Bila huo, ukibadilisha programu kwa `Alt+Tab` au `Super+Tab` unaweza kuletewa programu za vyumba vyote, na ukichagua vibaya unavutwa hadi chumba cha mteja mwingine bila kukusudia. Kitufe cha `Super` ndicho kile chenye nembo ya Windows kwenye laptopu nyingi. `Super+Page Down` inakupeleka chumba kinachofuata, `Super+Page Up` inakurudisha, na ukiongeza `Shift` unahama pamoja na dirisha ulilolishika. `Super+Home` inakurudisha chumba cha kwanza popote ulipo.

Mstari wa tatu unawasha kile ninachokiita kona hai, ambayo wengine huiita hoti kona. Katika Ubuntu ni kona ya juu kushoto. Sukuma kipanya mpaka kigonge hapo, bila kubonyeza chochote, na madirisha ya chumba hicho yanatandazwa yote, huku vyumba vyako vyote vikijipanga kwa udogo juu yake. Uzuri wa kona ni kwamba haihitaji kulengwa. Kitufe kidogo katikati ya skrini unaweza kukipita, lakini kwenye kona kipanya hugonga kingo mbili na kusimama, hata ukikisukuma kwa nguvu kiasi gani. Mimi huitumia kwa kazi moja tu: kuangalia niko chumba gani kabla ya kutuma kitu. Watumiaji wa Mac wanazo kona zote nne na kila moja wanaweza kuipa kazi yake. Wakati wa kuipangia kazi, wakishikilia kitufe kama `Shift`, kona haitashtuka mpaka kitufe hicho kibonyezwe pia. Hiyo inasaidia sana kwa mtu ambaye mkono wake hukimbilia kona mara kwa mara. Windows haina kona za namna hii ndani yake. Vyumba inavyo tangu Windows 10 ya mwaka 2015: `Win+Ctrl+D` hufungua kipya, na `Win+Ctrl` pamoja na mshale wa kushoto au kulia hukuhamisha.

Lakini vyumba peke yake havingeniokoa siku ile. Kile kidirisha cha kuchagua faili hakijui uko chumba gani. Kinafungua folda kwa mazoea ya programu, na faili zako zote ziko kwenye diski ileile, zinaonekana kutoka kila chumba. Kilichoziba tundu hilo ni kupanga madirisha kama vigae, yaani bega kwa bega bila moja kulalia jingine. Ukiwa kwenye dirisha, bonyeza `Super` na mshale wa kushoto, nalo litajaza nusu ya kushoto ya skrini. Nenda kwenye dirisha la pili, bonyeza `Super` na mshale wa kulia. Ule mstari unaoyatenganisha unaweza kuuvuta, na moja likipanuka jingine linapungua.

Sasa nikitaka kumtumia mama wa Dunga picha, kazi inakwenda hivi. Naingia chumba cha nne. Kushoto iko folda ya `dunga` imefunguliwa, na jina lake linasomeka juu ya dirisha. Kulia iko barua pepe yenye anwani yake. Navuta picha kutoka kushoto, naiachia juu ya barua. Kile kidirisha cha kuchagua faili hakifunguki kabisa, na hakuna jina la faili la duka linalokaribia jicho langu. Kinachotoka na kinakokwenda vyote naviona kwa wakati mmoja.

Vigae vina mpaka wake. Skrini nyingi za laptopu za mtumba zina upana wa pikseli 1366, kwa hiyo nusu moja ni pikseli 683. Barua inasomeka vizuri hapo, folda pia, ila jedwali la hesabu lenye safu kumi linakatika, nawe unaanza kusogeza kulia na kushoto mpaka unasahau uko mstari wa nani. Ninapofanya hesabu za duka naliachia jedwali skrini nzima, kwa `Super` na mshale wa juu, halafu nalirudisha nusu wakati wa kutuma tu. Kugawa skrini ya namna hiyo mara nne sikushauri.

Ukuta unaovuja zaidi ni brauza. Ukibonyeza kiungo ndani ya waraka, kinaweza kufunguka katika dirisha la brauza lililo chumba kingine. Dalili yake ni kwamba huoni ukurasa wowote, badala yake kinatokea kijitangazo juu ya skrini kwamba dirisha liko tayari. Ukikibonyeza, unahamishwa. Tena, madirisha mawili ya brauza moja yanatumia akaunti zilezile, kwa hiyo barua ya duka inaweza kutoka kwa anwani isiyo yake ingawa umekaa chumba sahihi. Dawa ni kuunda wasifu tofauti wa brauza kwa kila mradi, ili kila mmoja uwe na akaunti zake. Kwa Firefox, andika `firefox -P` ndani ya `Terminal` upate orodha ya wasifu, uunde mpya, kisha uufungue kwa jina, kwa mfano `firefox -P duka`. Upe kila mmoja rangi yake. Wangu wa duka ni wa kijivu, wa Dunga ni wa samawati. WhatsApp nimeiacha chumba cha kwanza peke yake, kwa sababu ndani yake wateja wote wanakaa pamoja na hakuna ukuta wa kuwatenga.

Vilevile, vyumba vinne havifanyi kompyuta nne. Programu zote zinaendelea kula kumbukumbu ileile, ziwe zinaonekana au zimejificha, na wasifu tatu za brauza zinakula zaidi ya mmoja. Laptopu ikianza kuvuta miguu kila unapohama chumba, andika `free -h` ndani ya `Terminal` utazame safu ya `available`. Ikiwa imebaki chini ya jigabaiti moja, funga mradi ambao huufanyi leo.

Ubuntu haikumbuki mpangilio huu ukiizima. Stima ikipotea na betri ikaisha, unarudi kwenye vyumba vinne vitupu. Kila asubuhi naanza na cha pili: folda kushoto, brauza ya kijivu kulia. Halafu cha tatu chenye mahojiano, mwisho cha nne. Inanichukua kama dakika tatu, na kwa hiyo nafungua tu vyumba vya kazi nitakazozigusa siku hiyo.