Atoni si avoka

Mwaka huu ni mara ya nne namsikia mfanyabiashara wa hapa Lubumbashi akisema ametumiwa "nguvu ya avoka" kutoka Uingereza ili aisaini. Jina lake kwa Kiingereza ni pawa ofu atoni, yaani karatasi ya kumpa mtu ruhusa ya kutenda kwa jina lako, na atakachotenda ndani ya ruhusa hiyo kinakufunga wewe. Sisi tunaiita prokurasio. Maana yake ni hiyo tu.

Shida iko kwenye neno atoni. Waingereza walilichukua katika Kifaransa cha kale, atorne, yaani mtu aliyeelekezwa na kuteuliwa asimame mahali pa mwingine. Wamarekani ndio waliozoea kumwita avoka atoni, na sinema zao zimetufikishia maana hiyo peke yake. Kiswahili nacho hakikutusaidia. Wakili wa Kiarabu ni mtu yeyote uliyemkabidhi jambo, na hata kwenye ndoa ya Kiislamu kuna wakili asiyejua mlango wa mahakama. Lakini wenzetu wa Dar es Salaam wakisema wakili, wengi wao wanamfikiria avoka. Kwa hiyo mtu akiona atoni anatulia moyoni: mambo yangu yako kwa mwanasheria. Kumbe atoni ni yule ambaye jina lake limeandikwa pale, awe shemeji, dereva au muuza samaki.

Prokurasio nayo ina asili yake. Kura kwa Kilatini ni uangalizi, kwa hiyo neno lenyewe linamaanisha kumwangalizia mtu mali yake. Sheria yetu ya mikataba ya 1888, iliyofuata mkondo wa Kifaransa, haikwenda mbali na hapo. Prokurasio ya jumla, iliyoandikwa kwa maneno mapana, inaruhusu kazi za usimamizi tu: kupokea kodi ya nyumba, kulipa fundi, kutunza. Kuuza au kuweka rehani lazima kutajwe waziwazi. Mkongo akisoma "ya jumla" anasikia "ya kuangalia tu". Mwingereza anasikia kinyume kabisa, na hapa ndipo watu wanapoumia.

Mzee mmoja mteja wangu ana nyumba Manchester, iko kwa jina lake peke yake. Mpwa wake anayeishi kule alimtumia karatasi ya nusu ukurasa ili apokee kodi kwa wapangaji. Mzee alinionyesha akicheka: "Angalia, mtoto wangu, hakuna hata neno kuuza." Kweli halikuwepo. Palikuwa na sentensi moja: namteua fulani kuwa atoni wangu kulingana na kifungu cha 10 cha sheria ya Uingereza ya 1971 kuhusu mamlaka hayo. Uzito wote umejificha kwenye namba 10. Kifungu hicho kinasema aliyeteuliwa anaweza kufanya lolote ambalo mwenye mali anaweza kulifanya kisheria kwa kupitia mwakilishi. Kuuza nyumba kumo. Kukopa kumo. Kuandika wosia wa mzee hakumo, kwa sababu wosia hauandikwi kwa mkono wa mwakilishi. Ukimya wa karatasi, ambao kwetu ungekuwa ukuta, kule ulikuwa mlango wazi.

Palikuwa na jambo la pili. Majina yalikuwa mawili, la mpwa na la mkewe, na baada yake maneno yanayomaanisha "kwa pamoja na kila mmoja peke yake". Mzee alishika "kwa pamoja" akaona amepata ulinzi, kwamba mmoja atamzuia mwenzake. Sehemu ya pili ndiyo inayoamua: kila mmoja anaweza kusaini bila mwenzake kujua. Ulinzi aliouwazia unapatikana yakibaki "kwa pamoja" tu.

Hatukuifuta mistari ile wala kuongeza maneno pembeni. Tuliomba karatasi nyingine, isiyotaja kifungu cha 10 popote, inayoorodhesha kazi zenyewe: kudai na kupokea kodi ya nyumba hiyo kwa anwani yake, kutoa risiti, kuagiza matengenezo hadi kiasi kilichoandikwa. Kisha ikasema wazi kwamba hakuna ruhusa ya kuuza, kuweka rehani, kukopa wala kumkabidhi mtu wa tatu mamlaka hayo. Mpwa ndiye aliyebaki peke yake. Mzee alisaini mbele ya shahidi, shahidi naye akasaini, maana kule hati ya namna hii bila shahidi haisimami.

Juzi alipita ofisini kuniambia kwamba nguvu ya avoka imefika salama. Nilimwambia taratibu: "Papa, mpwa wako anatengeneza friji. Hajavaa joho hata siku moja."