Bangi, kifafa na dawa halisi: yanayosemwa mialoni na yaliyopimwa

Mzazi wa mtoto mwenye kifafa hapa Mwanza hakosi mtu wa kumshauri kuhusu bangi. Atausikia ushauri huo mwaloni Kirumba, kwenye kivuko cha Kamanga, hata kwenye benchi la kusubiria zahanati: chemsha majani, mnyweshe, Ulaya siku hizi ni dawa. Hilo la mwisho lina chembe ya kweli, na chembe hiyo ndiyo inayofanya mengine yaaminike. Nitakaa zaidi kwenye kifafa, kwa kuwa huko ndiko ushahidi ulikosimama imara, na huko ndiko mtoto anakoweza kuumia.

Dhana: "Imethibitishwa kuwa bangi inatibu kifafa."

Mmea wa bangi una kemikali nyingi, na mbili ndizo zinazozungumzwa sana. THC ndiyo inayolewesha. Kanabidioli haileweshi. Iliyothibitishwa ni kanabidioli pekee, iliyosafishwa kiwandani na kuwekwa kwenye mafuta ya ufuta kwa kipimo kinachojulikana. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliiidhinisha Juni 2018 kwa jina la Epidiolex, na Ulaya ikafuata mwaka 2019. Inaandikwa kwa aina tatu tu za kifafa kigumu: ugonjwa wa Dravet, ugonjwa wa Lennox-Gastaut, na ule wa vinasaba unaootesha vivimbe kwenye ubongo na viungo vingine, uitwao tuberasi sklerosisi.

Utafiti wa Dravet uliochapishwa mwaka 2017 ulihusisha wagonjwa 120, watoto na vijana. Nusu hivi walipewa kanabidioli, wengine mafuta yasiyo na dawa, na wote waliendelea na dawa zao za kawaida. Kwa waliopata kanabidioli, kiwango cha kati cha mitukutiko kilishuka kutoka takriban 12 kwa mwezi hadi 6. Kwa wenzao kilitoka 15 hadi 14. Nafuu hiyo ni kubwa, lakini wagonjwa watatu tu kati ya 61 walimaliza kipindi cha tiba bila mtukutiko wowote. Dawa ilipunguza ugonjwa, haikuuondoa.

Aina hizo tatu ni nadra. Kifafa cha watoto wengi wa kwetu huanzia kwenye kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria kali iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo au mabuu ya tegu wa nguruwe yaliyoingia kwenye ubongo. Matokeo ya utafiti wa Dravet hayawezi kuhamishiwa kwao hivihivi.

Dhana: "Majani na chupa ya hospitali ni kitu kimoja, tofauti ni bei."

Chukua mtoto wa kilo 15. Dawa huanza kwa miligramu 5 kwa kila kilo kwa siku, yaani miligramu 75 zilizogawanywa asubuhi na jioni. Baada ya wiki moja inapanda hadi 150. Kila mililita ya dawa ina miligramu 100, kwa hiyo mtoto huyu anavutiwa kwenye bomba la sindano lisilo na sindano mililita 0.75 asubuhi na 0.75 jioni.

Sasa tujaribu kuzipata miligramu 150 kwenye majani. Bangi ya mtaani kwa kawaida ina THC nyingi na kanabidioli kidogo. Tuchukulie, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba kanabidioli ni nusu ya asilimia moja na THC ni asilimia 5. Gramu moja itatoa miligramu 5 za kanabidioli, kwa hiyo zitahitajika gramu 30 kila siku. Ndani ya gramu hizo 30 kutakuwa na miligramu 1,500 za THC. Kidonge kidogo kabisa cha THC ya hospitali kwa mtu mzima kina miligramu 2.5.

Utasema, si yote yatakayotoka kwenye majani. Ni kweli, kemikali hizi haziyeyuki vizuri majini. Basi tuseme imetoka asilimia moja tu: mtoto amekunywa miligramu 15 za THC, sawa na vidonge sita vya mtu mzima, na kanabidioli miligramu 1.5, ambayo kwa kifafa chake ni kama hakuna. Kuchemsha kwingine kutatoa kiasi kingine. Mtoto akilala usingizi usioamshika, akiyumba au akipumua kwa shida, huo ni ulevi wa bangi, na anatakiwa hospitali saa hiyohiyo. Watu wa nyumbani mara nyingine huuona usingizi huo wakadhani kifafa kimetulia.

Dhana: "Ukianza mafuta ya bangi, vidonge acha."

Hapa ndipo ninapoogopa zaidi. Kuacha ghafla dawa ya kifafa kama fenobabitoni kunaweza kuleta mtukutiko usiokoma, nao ukipita dakika tano unahatarisha maisha. Hata kanabidioli halisi huongezwa juu ya dawa nyingine, tena kwa uangalizi. Ikikutana na valproeti, dawa nyingine ya kifafa, vipimo vya ini vinaweza kupanda, ndiyo maana damu hupimwa kabla ya kuanza, kisha mwezi wa kwanza, wa tatu na wa sita. Ikikutana na klobazamu, nayo ya kifafa, mtoto husinzia kupita kiasi.

Kabla ya kuifikiria bangi kuna swali ambalo huenda likasaidia zaidi. Kama degedege ilianza mtoto hajatimiza mwaka mmoja, ikija na homa, ikichukua muda mrefu au kupiga upande mmoja wa mwili, na dawa ya kifafa iitwayo karbamazepini imeizidisha, mwambie daktari hivyohivyo. Karbamazepini huweza kuuchochea ugonjwa wa Dravet. Kubadilishiwa dawa kunaweza kumpa mtoto nafuu kwa kitu ambacho tayari kipo kwenye duka la dawa.

Dhana: "Inaondoa kichefuchefu cha dawa za saratani kuliko kitu kingine."

Dronabinoli na nabiloni, dawa za jamii ya THC, ziliidhinishwa Marekani mwaka 1985. Zinashinda kidonge kisicho na dawa, na zinakaribiana na dawa za zamani za kuzuia kutapika, ila kizunguzungu kinazidi. Siku hizi mgonjwa huanza na dawa mpya zaidi za kuzuia kutapika, ondansetroni na wenzake, na jamii ya THC hubaki akiba. Halafu wapo wavutaji wa miaka mingi ambao bangi yenyewe huwatapisha mfululizo, wakapata nafuu kwa kuoga maji ya moto. Wanaacha kutapika wakiacha kuvuta.

Dhana: "Kwa maumivu haina mpinzani."

Kwa maumivu sugu ushahidi ni mwembamba. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotoka mwaka 2021 ulikuta kwamba kati ya wagonjwa 100, kama 10 zaidi ndio hupata nafuu wanayoitambua wakilinganishwa na wasiopewa dawa. Mwaka huohuo chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu kilikataa kuiunga mkono. Panapoeleweka zaidi ni kukakamaa kwa misuli kwa wagonjwa wa sklerosisi ya mfumo wa neva, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia neva; Uingereza wao huandikiwa dawa ya kupuliza mdomoni yenye THC na kanabidioli tangu 2010.

Kwa Tanzania, kulima, kuuza na kutumia bangi ni kosa chini ya sheria ya mwaka 2015 ya kupambana na dawa za kulevya, na woga wa sheria hiyo huwafanya wazazi wafiche. Kama mtoto ameshanyweshwa, mwambie muuguzi alikunywa nini, kiasi gani na saa ngapi, kabla hajachomwa sindano ya kuzuia mtukutiko. Sindano hiyo nayo huleta usingizi na huweza kupunguza pumzi.