Milivolti tatu za seli ya zinki na shaba

Wanafunzi wangu wa kidato cha sita hapa Kigoma wanaijua kwa moyo fomula hii ya kupata badiliko la entropia kutokana na volti ya seli: ΔS = nF(dE/dT). Wasichokijua ni jinsi badiliko la volti lenyewe lilivyo dogo. Ukipasha moto seli ya zinki na shaba kwa nyuzi 30, volti inashuka kwa milivolti tatu tu na ushei.

Nilitumia bika mbili, moja ya salfeti ya zinki na nyingine ya salfeti ya shaba, zote 0.1 M, zikiunganishwa kwa daraja la chumvi. Bika zote mbili nilizizamisha kwenye sufuria moja ya maji. Barafu ya kuyapoza nilinunua kwa wauza samaki wa Kibirizi, na kuyapasha nilitumia jiko la mkaa. Kila nilipobadili jotoridi nilisubiri dakika 20, mpaka mita itulie.

Mara ya kwanza volti ilipanda badala ya kushuka. Bika ya shaba ilikuwa karibu zaidi na moto. Elektrodi moja ikiwa ya moto kuliko mwenzake, tofauti hiyo peke yake huzaa volti, tena kwa kila nyuzi moja ni kubwa mara kadhaa kuliko kile tunachokitafuta. Kwa hiyo ukipata mteremko chanya kwenye seli hii, weka kipimajoto katika kila bika kabla ya kulaumu kemikali.

Nilipokoroga maji vizuri nilipata hivi: 15°C, 1.1021 V; 25°C, 1.1011 V; 35°C, 1.0998 V; 45°C, 1.0989 V. Mstari unaopita katikati ya nukta hizo una mteremko wa −0.000109 V kwa kelvini. Elektroni zinazohama ni mbili, basi:

ΔS = 2 × 96485 × (−0.000109) = −21.0 J/K kwa moli

Kwenye 25°C mstari unasoma 1.1010 V, nayo nishati huria, ΔG = −nFE, inatoka −212.5 kJ. TΔS ni −6.3 kJ, hivyo enthalpia, ΔH = ΔG + TΔS = −218.8 kJ. Enthalpia za uundaji wa ayoni kwenye majedwali zinatoa −218.7. Hakuna kalorimita iliyoguswa! Zile kilojouli 6.3 ni joto ambalo seli huliachia maji ya sufuria hata ikifanya kazi polepole kabisa, bila kupoteza chochote.

Mita nayo ina maneno yake. Ile ya kawaida ya fundi redio husoma hadi milivolti moja. Ikikosea milivolti moja kati ya ncha mbili za kipimo, entropia inayumba kwa karibu theluthi, ilhali enthalpia inasogea kilojouli mbili hivi katika 219. Ndiyo maana mwanafunzi akiniletea ΔH nzuri sana, mimi huomba kwanza kuona ΔS yake.