Fomu ya usajili: pima nafasi ya kuandika kwa rula

Fomu nyingi za usajili huwa na kasoro kabla hazijajazwa. Aliyeitengeneza ameandika maswali kwenye kompyuta, akaona yanaenea vizuri katika ukurasa mmoja, akachapisha. Hakuna aliyeshika kalamu akaijaza kwanza. Matokeo yake tunayaona sisi tunaozipokea: jina la tatu limepandia pambizo, tarakimu za simu zimebanana, na karani anataka kumpigia mwombaji amuulize, lakini namba yenyewe ndiyo isiyosomeka.

Chukua fomu ya kujiandikisha kwa kozi ya jioni, yenye mstari huu wa kwanza:

Jina kamili .............. Tarehe ya kuzaliwa .............. Simu ..............

Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210. Ukiacha 25 kushoto, ambako itatobolewa ili iingie kwenye faili, na 15 kulia, unabaki na 170. Maneno yaliyochapwa katika mstari huo yanakula kama 65. Majibu matatu yanagawana 105 zilizosalia, yaani 35 kila moja. Mtu anayeandika kwa herufi kubwa hutumia milimita 4 hadi 5 kwa kila herufi, hivyo jina kamili limepewa nafasi ya herufi saba au nane. Majina matatu ya mtu mmoja hufika herufi ishirini na zaidi bila shida.

Dawa yake ni kulipatia jina mstari wake peke yake, na maneno "Jina kamili" yakae juu ya nafasi ya kuandika, kwa herufi ndogo zinazosomeka, badala ya kukaa kando yake. Hapo upana wote wa milimita 170 ni wa mwombaji. Kwenda juu, mimi hutoa milimita 8 kati ya mstari na mstari, na hufika 10 pale watu wanapojazia wakiwa wamesimama. Mistari ya kawaida ya kompyuta huachana kama milimita 5, na hiyo inafaa maandishi ya kuchapwa, si ya mkono.

Tarehe nayo ipewe visanduku vinane: viwili vya siku, viwili vya mwezi, vinne vya mwaka, kila kundi likiwa na jina lake juu. Bila majina hayo, mtu akiandika 03/04 huwezi kujua kama ni tarehe tatu ya mwezi wa nne au kinyume chake.

Visanduku vya kuwekea alama ya vema vina tatizo la aina yake. Tazama mstari huu:

Asubuhi   ☐   Mchana   ☐   Jioni   ☐

Kisanduku cha kwanza ni cha asubuhi au cha mchana? Nafasi ziko sawa pande zote mbili, kwa hiyo jicho halipati msaada. Anayeanzia kushoto ataelewa, ila anayetafuta neno "Jioni" moja kwa moja anaweza kuweka alama kwenye kisanduku kilicho kabla yake, na atasajiliwa kipindi cha mchana. Hutajua kwa kuisoma fomu, maana alama imewekwa vizuri kabisa. Utajua siku atakapofika saa isiyo yake. Panga majibu kwa kushuka chini, kisanduku kitangulie na neno lake likifuate kwa karibu:

☐ Asubuhi
☐ Mchana
☐ Jioni

Kisanduku kiwe na milimita 4 au 5 kila upande. Pia sema waziwazi kama mtu achague kimoja tu au vyote vinavyomhusu, na maelezo hayo yatangulie visanduku, kwa sababu anayeyakuta chini ameshaweka alama. Ukiweka "Nyingine (taja)", toa mstari wa kutajia.

Kuhusu mpangilio, fuata mahali majibu yanakotoka. Yaliyo kwenye kitambulisho yakae pamoja ili mtu akitoe mara moja na kukirudisha. Swali linalowaondoa baadhi ya watu, kama "Umewahi kusajiliwa hapa?", litangulie yale wasiyohitaji kuyajibu, na liwaelekeze waendelee swali la ngapi. Kisha linganisha mfuatano huo na wa skrini ambayo karani ataingizia taarifa. Vikipishana, macho yake yatakuwa yakirukaruka ukurasani, na hapo ndipo mistari huachwa.

Kabla ya kuchapisha nakala nyingi, wape watu watano au sita waijaze kwa kalamu, akiwemo mwenye jina refu na mwenye mwandiko mkubwa, na usiwaelekeze kwa mdomo. Angalia wanaposita na wanapofuta. Nakala hizo zichapwe kwa ukubwa wa asilimia 100, kwa sababu printa ikiruhusiwa kupunguza ukurasa ili utoshe karatasi, milimita 8 ulizopanga hazitakuwa 8 tena. Weka rula juu ya karatasi iliyotoka uhakikishe.