Kabla hujapanda mikaratusi Walungu, uliza kwanza: kalinzi ao bwasa?

Tangu banki zifungwe hapa Bukavu mwaka 2025, kila wiki kuko mtu ananipigia. Iko na dola kidogo kwenye sanduku, anataka kununua shamba huko Kabare ao Walungu, apande mikaratusi, halafu alale, mti ujikomalie peke yake. Mimi ni agronomu, kupanda miti njo kazi yangu miaka mingi sasa, na siku hizi swali la mbegu ao la udongo siulizi mwanzoni. Nauliza: yule anayekuuzia, yeye mwenyewe alilipata hilo shamba kwa njia gani?

Huku Bushi, yaani upande wa Kabare na Walungu, kuko njia mbili za zamani za kupata ardhi na watu wa mjini wanazichanganya sana. Kalinzi ni pale mtu alitoa ng'ombe kwa mwami ao kwa shefu, akapewa ardhi, na watoto wake wanairithi. Bwasa ni kukopeshwa tu, msimu moja ao kidogo zaidi, unatoa pombe ao mbuzi ao siku za kulima kwa mwenye shamba, unavuna maharagwe yako unaondoka. Na mtu wa bwasa haruhusiwi kupanda kitu cha kudumu: si mugomba, si kahawa, si mti. Maana kwetu mti si mazao tu, mti ni ushahidi. Ukiupanda na watu wakanyamaza, ni kama wamekubali kama pale ni pako.

Niwaambie ya yaya mmoja wa Ibanda, jina nalificha. Mwaka 2019 alinunua "hektari moja" upande wa Walungu kwa dola 2000, akaandika karatasi na mashahidi watatu, wakapiga picha, bia ikanywewa. Mimi aliniita wakati miche iko tayari. Nikazunguka shamba na telefoni nikapima: mita 140 kwa 50, yaani hektari 0.7, na kipande cha chini ni korongo. Alikuwa ameagiza miche 1600 maana mtu alimwambia ukipanda kwa mita 2 na nusu kila upande, hektari moja inakula 1600, ambayo ni kweli, lakini 0.7 inakula 1120 basi, na ya kuziba pengo kama 130 hivi. Hiyo bado ilikuwa hasara ndogo.

Kilichonisumbua ni kingine. Shamba lote lilikuwa na mabaki ya maharagwe na viazi, hakuna hata mugomba moja, hata mti moja wa zamani kwenye mpaka. Familia iliyokaa mahali miaka 20 bila kupanda mugomba? Huku? Nikamwambia, yaya, ngoja kwanza, tukaulize wazee wa jirani. Akasema mvua itatupita. Na kweli mvua zetu zinaanza mwezi wa 9, mche unapaswa kuingia chini mapema ili uwe na mizizi kabla ya kiangazi cha mwezi wa 6, sasa nikanyamaza, hapo na mimi nilikosea. Tukapanda mwezi wa 10. Mwezi wa 12 kuamka asubuhi, miche kama 300 imengolewa, imepangwa vizuri pembeni ya njia. Haikuibiwa. Hiyo ilikuwa barua.

Muuzaji kumbe alikuwa wa bwasa. Kalinzi ilikuwa ya familia ingine ambayo kijana wao mkubwa anaishi Uvira, na wao waliacha maharagwe yalimwe bila shida, mti njo uliwaamsha. Muuzaji alishahama na zile dola. Tukakaa na wazee wa ile familia na shefu wa kijiji mara nne, mwisho yaya akatoa ng'ombe, bei yake ilikuwa dola 450, pamoja na bia na nauli ya yule wa Uvira, akapewa kalinzi mbele ya watu wote wa mpaka. Tulipomaliza ilikuwa mwezi wa 4, mvua inaisha, tukapaswa kungojea hadi mwezi wa 10 wa 2020 kupanda upya. Mwaka mzima umeenda hivyo.

Na kalinzi yenyewe haimalizi kila kitu. Sheria Bakajika ya 1966 na ile ya ardhi ya 20 Julai 1973 zinasema udongo ni wa serikali, mtu binafsi anapewa tu haki ya kuutumia, na karatasi ya nguvu mbele ya tribinali ni sertifika ya konservateri wa ardhi, yule wa serikali anayeandikisha mashamba. Ile sheria ya 1973 iliahidi amri ya rais ya kupanga ardhi za kimila, watu wanaingoja hadi leo. Kwa hiyo kijijini kalinzi inakulinda, mjini sertifika njo inakulinda, na mti wa miaka mingi unahitaji zote mbili: ukishika sertifika bila kalinzi watakungolea miche, ukishika kalinzi bila sertifika mtu wa mjini anaweza kukupita kwenye kadasta. Ndani ya sertifika kuko uchunguzi wa kuuliza majirani, kupima na kuweka mipaka, halafu mkataba, na kila hatua inakula fii na safari.

Sasa tuhesabu gharama zake, maana watu wananionyesha paka bei ya mche. Miche 1250 kwa senti 10 ni dola 125, kuchimba na kupanda senti 15 kwa shimo, dola 168. Kupalilia mara mbili kwa mwaka, miaka miwili ya kwanza, dola 60 kila mara, jumla 240. Hadi hapo mtu anacheka. Halafu zamu: dola 15 kwa mwezi, miaka 8, inafika 1440! Mlinzi anakula pesa kuliko miti yenyewe, na bila yeye kiangazi kimoja cha mbuzi na moto kinakurudisha mwanzo.

Tulifanya hivi: jirani wa chini alipewa kulima maharagwe katikati ya mistari miaka miwili, kabla kivuli hakijafunga, na baadaye matawi makavu ni kuni zake, yeye analinda na kusafisha njia ya moto. Tuliandika wazi kama hiyo ni bwasa, maharagwe tu, mugomba hapana. Akacheka, akasema, "Papa agronomu, sasa unajua."

Kuhusu kungoja, mikaratusi ya kujengea nyumba ni kama miaka 7 ao 8, mbao za kupasua 15 hadi 20 na lazima upunguze miti njiani. Kama pesa yako ingeweza kukuzalia 10 kwa 100 kila mwaka kwenye biashara ingine, kila dola uliyozika mwanzoni lazima irudi 2.14 kisha miaka 8, na 5.56 kisha miaka 18, la sivyo umepata hasara hata kama umeshika noti mingi mkononi. Na bei ile unasikia sokoni Bukavu si yako. Mnunuzi anatoa kwanza wakataji, wabebaji, lori, barieri, njo anakupa kinachobaki. Shamba la yaya liko kilomita 2 za njia ya mguu kutoka barabara, hapo kila mti unashushwa kwa bega.

Mwaka 2025 miti imefika miaka 5, na yaya akanipigia anataka kukata yote, minervali ya mtoto inamkaba. Nikaenda na mita. Mingi ilikuwa sentimita 8 kwa upana, kwenye kimo cha kifua. Nikamwonyesha: ikifika 12, ule uso wa mti uliokatwa unakuwa mara 2.25 ya ule wa sasa, na inatoka kwenye bei ya fimbo inaingia kwenye bei ya nguzo. Akafikiri sana. Akakata 60 tu, ile ya kwenye korongo ambayo haikui, kwa msumeno, kisiki kikibaki kama sentimita 12 na ganda lake zima ili kichipuke, maana panga linachana ganda na maji yanaozesha. Minervali ilitoka nusu. Ingine alikopa kwa shemeji.