Ndama anaharisha? Usimnyime maziwa

Wiki haipiti bila mfugaji wa Goba au Chanika kuniambia, "Daktari, ndama ameharisha, nimemkata maziwa." Amemkata siku mbili, kisha anashangaa ndama hawezi kusimama.

Dhana: maziwa ndiyo yanayozidisha kuharisha.
Kinyesi hukauka ukimnyima, ndiyo, kwa sababu tumboni hakuna kitu. Maji ya ORS hurudisha maji na chumvi, lakini nguvu iliyomo haimtoshi ndama. Anayeharisha bado anameng'enya sehemu kubwa ya maziwa, na utumbo ulioumia unahitaji chakula ili upone. Mwache anyonye, ORS iwe ni nyongeza.

Chukua ndama chotara wa siku nane, kilo 40. Ukivuta taratibu kope ya chini unaona mwanya mdogo kati ya jicho na kope. Ukifinya ngozi ya shingo na kuiachia, inachukua kama sekunde nne kulala. Bado anasimama, na ukimtia kidole mdomoni ananyonya, ingawa kwa uvivu. Huyo amepoteza maji kama asilimia 8 ya uzito wake, yaani lita 3.2, na bado anaendelea kupoteza. Mpe maziwa lita 2 asubuhi na lita 2 jioni kama kawaida. Katikati mpe ORS ya uvuguvugu lita 2 mchana na lita 2 usiku, na kama kinyesi bado ni maji matupu, ongeza lita 2 nyingine. Acha saa tatu hivi kati ya maziwa na ORS, wala usizichanganye kwenye ndoo moja: chumvi hizo huweza kuyazuia maziwa yasigande tumboni, na kuganda ndiko tunakokutaka.

Asiponyonya kidole, akilala tu, au mdomo ukiwa wa baridi, acha chupa. Anahitaji dripu leo, siyo kesho. Kumlazimisha kwa kumimina kunapeleka maji mapafuni, na hapo unaongeza nimonia juu ya kuhara.

Dhana: sukari na chumvi za jikoni zinatosha, kama kwa mtoto.
Hapana. Ndama mchanga hana kimeng'enya cha kuvunja sukari ya chai. Inabaki utumbuni ikivuta maji, anaharisha zaidi. Nunua pakiti ya ORS ya ndama duka la dawa za mifugo. Ukiikosa usiku, ORS ya binadamu ina glukosi, itakuvusha hadi asubuhi. Ichanganye kwa kipimo cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti, usiizimue wala usiikoleze.

Dhana: kila kuhara kunataka antibayotiki.
Virusi vya rota na vimelea vya kriptosporidiamu haviguswi na oksitetrasaiklini, hata ukimchoma chupa nzima. Damu kwenye kinyesi au homa ni habari nyingine, nipigie.